Kumi na Mbili ya Mkopaji na Kumi na Mbili ya Mstaafu

Ofisini kwetu Sumbawanga riba ilikuwa moja tu, nasi tulijivunia hivyo. Ukutani juu ya kaunta palikuwa na maneno ya rangi nyekundu: "Anachotozwa mkopaji ndicho anacholipwa mstaafu. Asilimia kumi na mbili kwa mwaka." Wageni kutoka makao makuu walipokuja, walipelekwa kwanza kuyasoma maneno hayo kabla hawajapewa chai. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na sentensi ile ilikuwa na maana kubwa. Ilisema kwamba Mfuko wetu haukuwa duka la mtu. Fedha za wazee waliostaafu zilikwenda kwa vikundi vya vijijini vilivyotaka mashine, majembe ya kukokotwa na ng'ombe au mabati, kisha zikarudi kwa wazee bila mtu yeyote katikati kunona.

Niliyaamini maneno hayo. Nasema hivyo ili ijulikane hasira yangu ilianzia wapi. Mtu asiyeamini kitu hawezi kukasirika kiasi kile.

Nilitokea Mbeya, msichana wa Kimoraviani mwenye cheti cha uhasibu na makoti mawili, kwa kuwa niliambiwa Ufipa kuna baridi. Kweli ilikuwepo, hasa mwezi wa Juni, upepo unapotembea juu ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha vunwa bila kukutana na mti wa kuuzuia. Mhasibu mkuu wetu naye alikuwa mtu wa Mbeya, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole. Aliniita mdogo wangu. Mke wake alinifundisha nyumba ipi ina maziwa ya uhakika na Jumapili gani lori hupanda kutoka Kipili na samaki. Sikuwa na sababu ya kumchukia, na hata leo sidhani kwamba namchukia.

Mwaka wa kwanza nilikaa dawati la wastaafu. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mtu anastaafu, analipwa kiinua mgongo kwa mkupuo, anaogopa kwamba kitaliwa na ndugu kabla mwaka haujaisha. Anakileta kwetu. Sisi tunampangia malipo sawa ya kila mwezi kwa miaka kumi, na salio linaloendelea kukaa kwetu linazaa riba, kwa hiyo jumla anayopokea inazidi alichoweka. Kiasi cha kila mwezi kinapangwa ili siku ya malipo ya mwisho salio liwe sifuri.

Sasa riba yetu ilikuwa ya mwaka, na mkataba ulisema wazi: "ikihesabiwa mara moja, mwishoni mwa mwaka." Lakini mzee alilipwa kila mwezi. Hapo ndipo kazi ilipo. Huwezi kuichukua kumi na mbili ukaigawanya kwa kumi na mbili ukasema ni moja kwa mwezi. Shilingi mia ikizaa moja kwa mia kila mwezi, mwezi wa pili ile shilingi moja nayo inazaa, na mwezi wa tatu hivyo hivyo, na mwisho wa mwaka hupati mia na kumi na mbili, unapata mia na kumi na mbili na senti sitini na nane. Imezidi. Kwa hiyo unatafuta riba ya mwezi iliyo ndogo kidogo, ile ambayo ikijizidisha mara kumi na mbili inafika kumi na mbili kamili, haipungui wala haizidi. Makao makuu walikuwa wametutumia jedwali lenye jibu: sehemu sifuri nukta tisa nne nane tisa kwa kila mia. Kwa kuwa sikupenda kutumia namba ya mtu bila kuionja, siku za kwanza niliizidisha kwenye mashine yetu ya kuhesabia ya kuzungusha kwa mkono, mara kumi na mbili, mpaka bega likauma. Ikafika pale pale palipotakiwa. Tangu hapo nililiheshimu jedwali lile.

Kisha karani wa mikopo akahamishiwa Mpanda, na Mhasibu akaniambia nishike madawati yote mawili mpaka aje mwingine. Nilifurahi. Nilidhani ni kupandishwa.

Wakaja mume na mke, siku moja, benchi moja. Walitoka kijiji cha Ujamaa upande wa njia ya Msanzi. Mume alikuwa amestaafu idara ya ujenzi wa barabara, dereva wa greda, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu aliyoivua alipoingia. Mke alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Kikundi kilitaka kununua mashine ya kusaga. Mpaka wakati huo walibeba mahindi na ulezi kichwani hadi mashine ya misheni, safari ya nusu siku kwenda na nusu ya kurudi, na wakati wa mvua walirudia mawe ya nyumbani. Mume alileta kiinua mgongo chake, shilingi elfu ishirini. Mke alikuja kukopa elfu arobaini, kwa miaka mitano, malipo sawa ya kila mwezi.

"Shikamooni," niliwaambia.

"Marahaba, mwanangu," wakaitika pamoja.

Nilianza na mzee. Nilichukua jedwali, nikazungusha mashine, nikapata shilingi mia mbili sabini na tisa na senti themanini na tisa kila mwezi kwa miaka kumi. Alitaka kujua kama akifa kabla miaka haijaisha fedha itakwenda wapi. Nikamwambia itaendelea kwa mkewe mpaka miaka itimie. Akamwangalia mkewe akasema, "Basi usinitilie sumu," na mama akampiga begani kwa mkono.

Nikageukia mkopo. Mhasibu alikuwa amenipa kadi ndogo ngumu yenye viwango vya marejesho, kiasi fulani kwa kila shilingi elfu. Kwa elfu arobaini na miaka mitano kadi ilisema shilingi mia nane themanini na tisa na senti sabini na nane. Ningeiandika tu, kama nisingekuwa na mazoea yangu ya kuonja. Mkataba wa mkopo ulikuwa na maneno yale yale ya mkataba wa mzee: asilimia kumi na mbili kwa mwaka, ikihesabiwa mara moja, mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo nilichukua jedwali lile lile nililokuwa nimelitumia muda mfupi uliopita, nikahesabu malipo sitini ambayo, kila moja likipunguzwa riba ya miezi iliyolisubiri, yanajumlika na kuwa elfu arobaini kamili. Nikapata mia nane sabini na saba na senti arobaini na tatu.

Tofauti ilikuwa shilingi kumi na mbili na senti thelathini na tano kwa mwezi. Nilifikiri nimekosea. Nikarudia. Mama wa kikundi aliniangalia nikizungusha mpini kama mtu anayesaga, akasema kwa upole kwamba hata hiyo mashine yangu ingehitaji dizeli.

Jibu likawa lile lile. Nikaichukua kadi, safari hii nikajaribu kwa moja kamili kila mwezi, kumi na mbili gawanya kwa kumi na mbili. Ikatoka mia nane themanini na tisa na senti sabini na nane, mpaka senti ya mwisho. Kadi haikuwa na kosa la mchapaji. Kadi ilikuwa imepangwa hivyo.

Niliwaomba radhi, nikaingia chumbani kwa Mhasibu. Mlango haukufungwa vizuri. Mbao zake zilikuwa zimevimba kwa mvua. Nilimwekea karatasi zote mbili mezani.

"Kaka, kadi ya mikopo inakwenda kwa moja kwa mwezi," nikasema. "Mkataba hausemi hivyo."

Hakuziangalia karatasi. "Kumi na mbili ukigawanya kwa kumi na mbili unapata ngapi?"

"Moja."

"Basi."

"Lakini kwa mzee hatukugawanya. Kwa mzee tulitumia jedwali."

"Kwa mzee tukigawanya, Mfuko utamlipa karibu mia mbili themanini na saba. Utapata hasara, mdogo wangu."

"Na kwa mama je?"

"Kwa mama tukigawanya, Mfuko haupati hasara."

Alisema hivyo bila aibu na bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Nilibaki nimesimama. Nikamwuliza inawezekanaje riba ile ile, iliyoandikwa kwa maneno yale yale, ikawa kubwa mkopaji anapoilipa na ndogo mstaafu anapoipokea. Akavua miwani, akaniambia niketi. Sikuketi.

"Unafikiri mshahara wako unatoka wapi?" akauliza. "Ukutani tumeandika riba ni moja. Wanasiasa wanapenda. Lakini ofisi ina paa, ina taa, ina dereva. Panapotakiwa pengo la kulipia hayo, linapatikana hapo kwenye hesabu ya mwezi. Hakuna anayeumia. Shilingi kumi na mbili ni kitu gani?"

"Ingekuwa si kitu tusingeichukua."

"Nenda kaandike mkataba."

"Sitaandika mia nane themanini na tisa," nikasema. "Andika wewe."

Akanyanyuka, akaniomba kalamu yangu kwa sababu yake ilikuwa imekauka, akatoka mpaka kaunta akaandika mwenyewe. Mama wa kikundi alitia sahihi. Hakuwa na la kufanya, kwa kuwa mashine ilikuwa Mbeya imekwisha lipiwa arubuni, na muuzaji alikuwa amesema wasipomaliza mwezi ule atampa mwingine. Mhasibu akawashika mikono wote wawili akawatakia kazi njema.

Nikawasindikiza mpaka barazani. Mama akasimama kwenye ngazi akafunga kanga upya.

"Mwanangu," akasema, "mlango wenu haufungi. Mlikuwa mnagombania nini?"

Nikamweleza. Sikumweleza kwa majedwali. Nilimwambia hivi: ukikopa mia na kuirudisha baada ya mwaka, kwa maneno ya mkataba wako unarudisha mia na kumi na mbili. Lakini kiwango walichokupangia ni cha mtu anayetozwa mia na kumi na mbili na senti sitini na nane.

"Senti sitini na nane," akarudia.

"Kwa kila mia, ikikaa mwaka mzima. Ninyi mmekopa elfu arobaini, na deni linapungua kila mwezi mnapolipa, kwa hiyo ziada haifiki ukubwa huo kwa mkopo wote. Ukiisambaza sawasawa ni shilingi kumi na mbili na senti thelathini na tano kila mwezi. Kwa miaka mitano ni mia saba arobaini na moja."

Mume wake alikuwa ameshuka ngazi. Akarudi. "Na mimi nimepangiwa ipi kati ya hizo?"

"Wewe mzee umepangiwa ile iliyoandikwa."

Akafikiri, kofia bado mkononi. "Kwa hiyo kama ningemkopesha mke wangu hizi fedha mwenyewe, kwa maneno haya haya, tungekuwa sawa. Lakini kwa kuwa zimepitia mlango huu, kuna mtu amekula kati yangu na mke wangu."

Sikuwa nimefika hapo kwa fikra zangu. Tangu siku ile, kila nilipoyasoma maneno ya ukutani niliona kitanda cha watu wawili na mtu wa tatu amelala katikati.

Mashine ilifika. Niliisikia kabla sijaiona, siku nilipopita kijijini kwao nikielekea ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu. Ilikuwa ikidunda kama kifua cha mtu aliyekimbia. Wanawake walinipa unga wa ulezi wa kupeleka nyumbani. Kila mwezi mwenyekiti wao alikuja na mwanakikundi mwingine, hakuja peke yake hata mara moja, wakalipa mia nane themanini na tisa na senti zake. Baada ya kulipa, alikuwa ananiangalia kidogo kisha anaondoka. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiumia, kwa maana nilikuwa natoa stakabadhi kwa mkono wangu. Nilimwandikia Mhasibu maelezo rasmi. Akayaweka chini ya kitu kizito. Nikamwandikia tena. Akaniambia kwa upole kwamba msichana anayeandikaandika sana hukosa mume.

Baada ya malipo ya tano ukafika mkutano wa mwaka wa wanachama, katika ukumbi wa mjini. Makao makuu walimtuma afisa, kijana bado, aliyevaa suti ya Kaunda yenye mikunjo iliyonyooka kama kisu. Wazee wa kiinua mgongo walikaa upande mmoja, vikundi vya vijijini upande wa pili. Mhasibu alisoma taarifa. Alipofika kwenye riba alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kwa mazoea, ingawa huko ukumbini hapakuwa na maandishi yoyote.

Mama wa kikundi akanyoosha kidole.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mimi na mume wangu tunalala nyumba moja. Yeye anawakopesha ninyi, ninyi mnanikopesha mimi. Mnasema riba ni moja. Naomba mhesabu zote mbili kwa njia moja, hapa, tuone."

Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamekaa mstari mmoja nyuma yake. Hawakupiga makofi.

Mhasibu akasimama. "Ndugu wanachama, hesabu za riba ni za kitaalamu. Ukianza kuzichambua mkutanoni tutalala hapa."

"Tumekuja na vyakula," mama akajibu.

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwudhi Mhasibu kuliko swali. Yule afisa akauliza ni nani aliyeshika madawati ya wastaafu na ya mikopo. Nikasimama. Akaniambia nieleze. Palikuwa na ubao kwa kuwa ukumbi ulitumika kwa elimu ya watu wazima. Nikaandika upande wa kushoto maneno ya mkataba wa mzee, upande wa kulia maneno ya mkataba wa mama. Yalikuwa mamoja, neno kwa neno. Chini yake nikaandika riba ya mwezi iliyotumika kila upande: sifuri nukta tisa nne nane tisa kushoto, moja kulia. Nikaonyesha mia ya kushoto ikifika mia na kumi na mbili, na mia ya kulia ikipita. Kisha nikaandika malipo mawili ya mkopo na tofauti yake. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini chaki ilinivunjikia mara mbili.

Nilikuwa nikimwangalia yule afisa. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Aliangalia ubao kama mtu anayeangalia kiatu chake mwenyewe, akaandika mstari mmoja, akafunga kalamu. Alijua. Makao makuu walijua. Wao ndio waliotuma jedwali kwa dawati moja na kadi kwa dawati la pili, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza ofisini kukaa kwenye madawati yote mawili kwa wakati mmoja akiwa na mashine inayofanya kazi. Mpaka siku ile nilikuwa nikimkasirikia mtu mmoja mwenye mlango usiofunga. Sasa sikujua hasira niiweke wapi, ilikuwa imekuwa kubwa kuliko chumba.

"Jambo limepokelewa," afisa akasema. "Litafanyiwa kazi."

Lilifanyiwa kazi kweli. Mwezi ule ule, kabla mvua hazijaanza, ukaja waraka, umechapwa vizuri, umegongwa muhuri. Mhasibu aliniita anisomee mwenyewe, kwa sauti yake ya kanisani. Kuanzia tarehe ya waraka, mikataba yote mipya ya mikopo itasomeka: "asilimia kumi na mbili kwa mwaka, riba ikijumuishwa kila mwezi." Mikataba ya wastaafu itabaki kama ilivyo. Kadi ya marejesho haibadiliki. Maandishi ya ukutani hayabadiliki.

"Unaona?" akasema. "Wamekusikiliza. Sasa maneno na hesabu vinalingana."

Nilimwuliza kama anaelewa walichofanya. Tuliwaonyesha kwamba namba hailingani na neno, wao wakaacha namba mahali pake wakabadili neno. Riba ya mkopaji sasa ilikuwa kumi na mbili na senti sitini na nane kwa haki kabisa, kwa sheria, kwa muhuri, na bado iliitwa kumi na mbili. Na chini ya jina hilo hilo mstaafu alilipwa ndogo. Mwanzoni walikuwa wakivunja mkataba. Sasa hawakuvunja chochote. Sijawahi kuona wizi ukitakaswa kwa maneno manne.

"Usiliite wizi," Mhasibu akasema.

"Niliite nini?"

"Masharti."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho waraka haukuweza kukigusa, na mama wa kikundi ndiye aliyekishika. Nilipomsomea waraka, aliniomba nirudie pale pasemapo "mikataba mipya". Nikarudia.

"Wangu ni wa zamani," akasema.

"Ni wa zamani."

"Basi maneno yangu bado ni yangu."

Mwezi uliofuata alikuja na wanawake wawili, akaweka kaunta shilingi mia nane sabini na saba na senti arobaini na tatu. Mhasibu akasema haijatimia, hawezi kutoa stakabadhi. Mama akasema atasubiri. Akaketi benchini na wenzake wakaanza kupukuchua mahindi waliyokuja nayo kwenye kikapu. Wakapukuchua mpaka ofisi inafungwa. Kesho yake wakarudi. Watu waliokuja kwa shughuli nyingine walianza kuuliza kuna nini, na wao wakawa wanaeleza, kwa Kiswahili kwa watu wa mjini na kwa Kifipa kwa wazee, habari za mia na kumi na mbili na senti sitini na nane. Mhasibu akawaita wadaiwa sugu. Akatishia kwenda kuchukua mashine. Yule mzee wa greda, aliyekuja kupokea fedha yake ya mwezi, akamwambia taratibu, "Ukienda kuichukua, mwanangu, barabara ile nimeichonga mimi. Nitakuonyesha mahali lori litakapokwama."

Wiki hiyo hiyo nikapewa barua ya uhamisho kwenda tawi letu la Namanyere. Hakuna aliyeniambia ni adhabu. Mke wa Mhasibu alinifungia maandazi ya safari na akalia kidogo. Nadhani alinipenda kwa dhati, na hilo nalo lilinikera.

Yaliyotokea baada ya hapo nilisimuliwa na mama mwenyewe, aliposhuka Namanyere mwaka uliofuata kwenye harusi. Makao makuu waliogopa kesi. Wakakubali kwamba mkataba wake utalipwa kwa mia nane sabini na saba na senti arobaini na tatu mpaka mwisho, na ile ziada ya miezi mitano ya mwanzo, shilingi sitini na moja na senti sabini na tano, ikakatwa kwenye malipo yaliyofuata.

"Na riba yake?" nikamwuliza.

"Riba ya nini?"

"Ya fedha zenu walizokaa nazo miezi yote hiyo."

Akaangalia juu akifikiri, kisha akatikisa kichwa. Hawakuwapa. Mfuko uliojua kufanya shilingi moja izae mwezi wa pili, na mtoto wake azae mwezi wa tatu, uliirudisha fedha ya wanawake wale ikiwa tasa. Ni senti chache, najua. Mhasibu angesema hakuna anayeumia. Mimi nilikosa usingizi zaidi kwa senti zile chache kuliko kwa mia saba zote.

Na kulikuwa na vikundi vingine. Nilipokuwa Sumbawanga nilikuwa nimeshika mafaili ya mikopo kumi na zaidi yenye maneno ya zamani na kiwango cha kadi. Niliwaandikia makao makuu nikiuliza kama nao watapunguziwa. Jibu lilikuwa fupi: watashughulikiwa watakapolalamika. Hao hawakuwa na mume aliyestaafu mwaka mmoja nao, akakaa nao benchi moja, wakaona hesabu mbili kwa wakati mmoja. Wangelalamikia kitu gani? Walilipa mpaka mwisho. Baadhi yao walipewa vyeti vya ulipaji bora.

Namanyere nilikaa dawati la mikopo peke yake, na mikataba ilikuwa mipya. Sikuwa na kosa la kuonyesha. Kila namba ilifuata neno lake. Kwa hiyo nilifanya kitu kimoja tu ambacho hakuna waraka uliokikataza. Kabla mkopaji hajatia sahihi nilimwambia kwa mdomo kwamba kumi na mbili iliyoandikwa hapa, ikijumuishwa kila mwezi, ni kumi na mbili na senti sitini na nane kwa mwaka, na nikamwonyesha kwa shilingi mia. Bosi wa huko hakupenda, lakini alikuwa mvivu wa kuandika barua.

Siku moja alikuja mvuvi kutoka Kipili aliyetaka kukopa kwa ajili ya nyavu na injini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaufuata mstari wa mkataba kwa kidole, akauliza, "Kama ni kumi na mbili na senti sitini na nane, kwa nini wasiandike hivyo hivyo?"

Nikamwambia kwamba wakiandika hivyo watu wataiona.

Kisha akaniomba kalamu akatia sahihi, kwa sababu kutoka Kipili mpaka Sumbawanga hapakuwa na mahali pengine pa kukopa.